There is au There are: sentensi moja ikibeba orodha, kitenzi kifuate nini?

Tazama sentensi hii yenye nafasi iliyoachwa wazi:

*There ___ a pen and two books on the desk.*

Wape watu watatu wanaokijua Kiingereza vizuri. Wa kwanza ataandika *is* bila kusita. Wa pili ataandika *are*, na atakueleza kwamba mezani kuna vitu vitatu. Wa tatu atainama kidogo, kisha ataifuta sentensi yote na kuiandika upya. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekosea, na hapo ndipo mwanafunzi huchanganyikiwa, kwa sababu shuleni aliambiwa kwamba kimoja ni *is* na vingi ni *are*, basi.

Kanuni hiyo ya shule haina kasoro vitu vikiwa vya aina moja: *There is a book. There are two books.* Inayumba pale *and* inapoingia na kuunganisha vitu tofauti, hasa visipokuwa na idadi sawa. Nasi tunaozungumza Kiswahili tunaifikia sentensi hiyo tukiwa hatuna mazoea ya kutazama mbele. Tunasema "kuna kalamu mezani", tunasema "kuna kalamu na vitabu viwili mezani", na "kuna" yetu haitikisiki. Inashughulika na mahali, haina habari na idadi. Kiingereza kinataka uwe umeshajua kitu kinachokuja kabla hujatamka kitenzi.

Mwongozo huu unakwenda hatua kwa hatua. Utaona kwamba hatua tatu za mwanzo zinamaliza sentensi nyingi, na ubishi wa kweli unabaki kwenye eneo dogo sana.

Hatua ya kwanza: hakikisha kweli ni orodha

Neno *there* hapa si kiima halisi. Limeshika tu nafasi ya mbele ili kitenzi kisianze sentensi. Kiima halisi kiko baada ya kitenzi, na hicho ndicho cha kutafutwa. Kosa linalotokea sana ni kuona *and* mahali popote na kudhani kwamba vitu vimekuwa vingi. Soma hizi:

*There is a box of pens and pencils on the shelf.*
*There is a list of names and phone numbers on the door.*
*There is a woman with two children at the gate.*

Katika sentensi ya kwanza kuna sanduku moja. Kalamu na penseli zimo ndani yake, na *and* inaunganisha vilivyomo, haiunganishi sanduku na kitu kingine. Ya pili ina orodha moja ya majina. Ya tatu ina mwanamke mmoja, hata kama watu waliosimama langoni ni watatu, kwa kuwa *with* haina nguvu ya kuongeza idadi ya kiima. *Along with*, *together with* na *as well as* nazo ziko hivyo: *There is a manager, along with three assistants, in the next room.* Meneja ndiye kiima, wasaidizi wameletwa pembeni.

Njia ya kupima ni kufunika kwa kidole kila kinachoanzia kwenye *of*, *with*, *along with* na ndugu zao, kisha usome kilichobaki. *There is a box.* Kama kilichobaki ni kitu kimoja, umemaliza, *is* haina mpinzani. Angalia tu mafungu kama *a number of* na *a lot of*, ambayo yana *a* lakini hayahesabu kitu kimoja. Hapo nomino inayofuata ndiyo inayoamua: *There are a number of chairs in the hall.*

Kuna sentensi moja ambayo kidole peke yake hakitoshi:

*There is a box of pens and two rulers on the shelf.*

Je, rula zimo ndani ya sanduku, au zimelala kando yake? Kama zimo ndani, kitu ni kimoja na *is* ni sahihi kwa kanuni yoyote. Kama ziko kando, hii ni orodha ya vitu viwili, sanduku na rula, na sasa tumeingia kwenye ubishi. Mwandishi anayeandika *There are a box of pens and two rulers* amekwisha kukujulisha kwamba rula ziko nje. Anayeandika *is* amekuacha ukibahatisha. Ukikutana na sentensi ya aina hii katika kazi yako, usihangaike na kitenzi. Panga maneno upya: *There are two rulers and a box of pens on the shelf.* Rula zimetoka sandukuni, na kitenzi hakina tena tatizo.

Hatua ya pili: tazama kiunganishi

Kama vitu vimeunganishwa kwa *or*, mambo ni mepesi. Orodha haijumlishwi, kwa sababu unasema kimoja au kingine, si vyote. Kitenzi kinafuata kilicho karibu nacho:

*There is a key or two cards in the drawer.*
*There are two cards or a key in the drawer.*

*Either … or* na *neither … nor* hufuata mkondo huohuo: *There is neither a key nor any cards in the drawer.*

Hapa inafaa kukumbuka kukanusha, kwa sababu wengi hubeba *and* hadi huko. Sisi tunasema "hakuna kalamu wala vitabu", na Kiingereza nacho hubadilisha kiunganishi: *There isn't a pen or any books on the desk.* Ukiandika *There isn't a pen and two books*, msomaji atadhani unakana mchanganyiko huo tu, yaani labda kalamu ipo ila vitabu ni kimoja. Kwa hiyo sentensi nyingi za kukanusha zinaondoka zenyewe kwenye ubishi, zinahamia upande wa *or*.

Hatua ya tatu: tazama kitu cha kwanza

Sasa una orodha ya kweli, imeunganishwa kwa *and*. Tazama kinachogusana na kitenzi. Kama kiko katika wingi, andika *are* na uendelee na kazi nyingine:

*There are two books and a pen on the desk.*

Anayehesabu vitu vyote anasema *are*. Anayefuata kitu cha karibu naye anasema *are*. Kuandika *There is two books and a pen* ni kosa katika maandishi rasmi kwa kanuni zote mbili. Utasikia wenye lugha wakisema *there's two books* katika maongezi, na ni kweli wanasema sana, lakini hayo ni ya mdomoni. *There's* imekuwa kama kipande kimoja kisichobadilika, karibu na "kuna" yetu. Usiipeleke kwenye ripoti wala barua ya maombi.

Kinachobaki, basi, ni hali moja: *and* imeunganisha orodha, na kitu cha kwanza ni kimoja.

Hatua ya nne: uelewe ubishi wenyewe

Anayetaka *are* ana hoja nyepesi kuifuata. Geuza sentensi, anasema, ondoa *there*: *A pen and two books are on the desk.* Hakuna anayeweza kuandika *A pen and two books is on the desk*. Kiima hakikubadilika, kimehamishwa tu nyuma ya kitenzi, kwa hiyo kwa nini kitenzi kibadilike? Kwa mantiki tupu, amemaliza.

Anayetaka *is* anasikiliza sikio. *There are a pen* ni mlio unaokwaruza, *are* ikigongana na *a*. Msemaji hufungua sentensi akiwa na kitu cha kwanza kichwani, na vingine vinafuata akishatamka kitenzi. Wapo wanaoichambua kama sentensi mbili zilizobanwa: *There is a pen, and there are two books*, ya pili ikiachwa bila kutamkwa. Vitabu vingi vya matumizi ya Kiingereza vinaukubali mtindo huu, vingine vinashikilia wingi, na waandishi wazuri wako pande zote mbili.

Ugomvi wa aina hii hata sisi tunao. Kikombe na sahani zimevunjika, au vimevunjika? Wa "zi" amefuata kitu cha karibu, wa "vi" amevikusanya vyote kama vitu. Ukishaona hivyo, tabia ya Kiingereza haishangazi tena.

Hata hivyo, pande hizo mbili hazina uzito sawa katika kila sentensi, na hili ndilo ambalo mazoezi mengi ya sarufi hayagusi. Kuna mambo yanayovuta kuelekea *are*. La kwanza ni neno *both*, kwa kuwa limekwisha kutangaza kwamba vitu ni viwili: *There are both a pen and a pencil in the bag.* La pili ni maneno yanayokuja baada ya orodha. Soma hii taratibu:

*There is a mother and a daughter who work in the same office.*

Mwanzoni *is*, mwishoni *work*, kitenzi cha wingi. Sentensi moja inawahesabu watu walewale mara mbili na kupata majibu mawili. Katika maongezi hilo litapita. Kwenye karatasi linaonekana, na *There are a mother and a daughter who work in the same office* inasimama vizuri zaidi ingawa inakwaruza kidogo. Watu wanaofanya jambo pamoja, kwa jumla, huvuta wingi kuliko vitu vilivyolala mezani.

Upande wa *is* nao una wavutaji wake. Nomino zisizohesabika ndizo zenye nguvu zaidi: *There is milk and bread in the fridge.* Kihesabu ni vitu viwili, lakini *There are milk and bread* inasikika kama sentensi ya mtu anayetafsiri kamusi. Halafu kuna jozi ambazo zimezoeleka hadi zikawa kitu kimoja. *There is bread and butter on the table* ni chakula kimoja, na *There is peace and quiet here* haina mjadala kabisa. Ukiweka *are* hapo, umekosea.

Hatua ya tano: chagua kulingana na unakopeleka sentensi

Katika mazungumzo na ujumbe wa simu, tumia *there's* au *there is* kitu cha kwanza kikiwa kimoja. Ndivyo wenye lugha wanavyosema, na ukilazimisha *there are a pen* utaonekana unasoma kitabu.

Katika mtihani, jibu linategemea kanuni iliyofundishwa kwenye kitabu cha kozi hiyo. Vitabu vingi vya wanaoanza hufundisha kufuata kitu cha kwanza, na jibu lao ni *is*. Mitihani inayopima upatanisho wa kiima na kitenzi huweza kutaka *are*, hasa ikiwa sentensi imegeuzwa makusudi ili ukikose kiima. Tazama majibu ya kuchagua: kama sentensi ina *both*, au kitenzi cha wingi mbele, mtungaji amekupa dalili.

Katika maandishi rasmi, maoni yangu ni haya: usichague, andika upya. Ukiandika *is*, msomaji mmoja ataona kosa la hesabu. Ukiandika *are*, mwingine ataona kosa la sikio. Sentensi iliyopangwa vizuri haimpi yeyote nafasi ya kusimama.

Hatua ya sita: njia za kuandika upya

Njia ya haraka ni kuanza na kilicho katika wingi: *There are two books and a pen on the desk.* Mara nyingi hii inatosha. Haifai pale mpangilio una maana, kwa mfano unapotaja vitu kwa ukubwa au kwa umuhimu, au vitu vyote vinapokuwa kimoja kimoja, kama *a desk, a chair and a lamp*, ambapo hakuna cha wingi cha kutanguliza.

Hapo tumia neno la jumla, kisha nukta pacha: *There are three things on the desk: a pen and two books.* Kitenzi sasa kinakutana na *three things*, na orodha imebaki kuwa maelezo. Usitumie sana *things*, lakini, kwa kuwa linachosha. Tafuta neno linalobeba vitu vyako: *items*, *documents*, *reasons*, *people*.

Njia ya tatu, na ninayoipenda kuliko zote kwenye ripoti, ni kuachana na *there* na kukipa mahali kazi ya kiima: *The drawer contains a pen and two books.* Droo ni moja, *contains* ni umoja, na orodha inaweza kurefuka upendavyo bila kugusa kitenzi. Kugeuza tu, yaani *A pen and two books are on the desk*, ni sahihi kisarufi, ila kunabadilisha ladha. Kiingereza hakipendi sana kufungua sentensi kwa kitu ambacho msomaji hajakisikia, na *there* iko pale kwa kazi hiyohiyo ya kukitambulisha.

Kesi moja tuifanye hadi mwisho

Hiki ni kipande cha taarifa ya kukabidhi chumba cha ofisi:

*In Room 4 there is a desk, three chairs and a cabinet. There is also two boxes of files and a printer. There is a set of keys and spare bulbs in the cabinet. It was checked on Monday.*

Sentensi ya kwanza ni orodha ya kweli, imeungwa kwa *and*, kitu cha kwanza ni kimoja. Iko kwenye eneo la ubishi. Si kosa, lakini taarifa ni rasmi, kwa hiyo tunakipa chumba kazi: *Room 4 contains a desk, three chairs and a cabinet.*

Ya pili ni kosa tupu. Funika *of files*, unabaki na *two boxes and a printer*. Kitu cha kwanza ni wingi, na hakuna kanuni inayokubali *is* hapo. Inakuwa *There are also two boxes of files and a printer.*

Ya tatu ina mtego wa sanduku na rula. *A set of keys and spare bulbs* inaweza kusomeka kana kwamba balbu ni sehemu ya seti. Anayepokea chumba akitaka kuhesabu, ataanzia wapi? Tunatanguliza wingi: *In the cabinet there are spare bulbs and a set of keys.* Shida mbili zimeondoka kwa pigo moja.

Ya nne inaonyesha jambo ambalo watu husahau. Hata ukiamua kuandika *there is* mbele ya orodha, umoja huo unaishia kwenye kitenzi. Orodha yenyewe inabaki kuwa vitu vingi, na ukiirudia baadaye unasema *they*, si *it*: *There is a pen and two books on the desk. They are mine.* Katika taarifa yetu, *It* haijulikani inarejelea nini, kabati au chumba au vitu. Tunaandika *All the items were checked on Monday.*

Matokeo:

*Room 4 contains a desk, three chairs and a cabinet. There are also two boxes of files and a printer. In the cabinet there are spare bulbs and a set of keys. All the items were checked on Monday.*

Kama ungetaka kubakiza *there is* katika ile ya kwanza, ungeweza, mradi ufuate mtindo huohuo katika taarifa nzima. Kinachomkera mhariri kuliko *is* au *are* ni ukurasa wenye *there is a desk and two chairs* juu, na *there are a lamp and two stools* chini yake.

Nyakati nyingine na maswali

Yote yaliyosemwa yanahamia kwenye *was* na *were*, na kwenye *has been* na *have been*, bila mabadiliko: *There was a pen and two books* iko kwenye ubishi uleule, *There were two books and a pen* haipo. *There seems to be* na *there seem to be* pia, kwa kuwa *seem* ndiyo inayobeba idadi. *Here is* na *here are* zinafuata njia hiyohiyo.

Vitenzi visaidizi kama *will*, *must*, *may* na *should* havijui umoja wala wingi: *There must be a pen and two books on the desk.* Usivitumie kukwepa tatizo, maana *must be* inasema unakisia, si kwamba umeona.

Katika swali, kitenzi kinatangulia *there*, lakini kitu cha kutazamwa hakijahama: *Is there a pen and two books on the desk?* Na ukimalizia sentensi kwa swali dogo la kuthibitisha, lifuate kitenzi ulichokwisha kukiandika, siyo idadi ya vitu: *There is a pen and two books on the desk, isn't there?* Aliyeanza na *are* atamalizia na *aren't there*.